Kabla hujabonyeza 支援する: ukurasa mmoja wa uchangishaji wa Kijapani, pesa inakatwa lini na inarudi kwa masharti gani

Mnunuzi yuko Moshi na kazi yake ni kuonja kahawa za wakulima. Ameona mtandaoni mashine ndogo ya mkono ya kusagia kahawa, ya chuma, inayotengenezwa na karakana moja ya Japani. Haijaingia dukani. Inapatikana kwenye ukurasa wa uchangishaji tu, ambapo watu hulipa kabla bidhaa haijatengenezwa, na ukurasa wote ni wa Kijapani. Ndugu yake anaishi Nagoya, kwa hiyo kuna mtu wa kupokea mzigo. Kivinjari kimemtafsiria ukurasa, kitufe cha `支援する`, yaani "changia", kiko mbele yake, kadi iko mkononi, na zimebaki siku tisa.

Ukurasa tunaouchambua tumeutunga kwa ajili ya somo hili, na bei na tarehe zake ni za mfano. Maneno ya Kijapani yaliyomo, hata hivyo, ndiyo utakayoyakuta kwenye majukwaa ya Japani kama CAMPFIRE. Juu kabisa unasomeka hivi:

```
目標金額 500,000円
現在の支援総額 182,000円（36%）
募集終了まで残り9日
2025年6月30日 23:59
```

Yaani lengo ni yeni 500,000, zimepatikana 182,000, na kampeni inafungwa tarehe 30 Juni 2025 saa tano na dakika 59 usiku. Hiyo ni saa ya Japani, iliyo mbele ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa sita. Moshi itakuwa saa kumi na moja na dakika 59 jioni. Anayepanga kuchangia baada ya chakula cha usiku atakuta mlango umefungwa.

Mnunuzi anapoona asilimia 36 anajiambia: lengo halitafikiwa, hivyo nikichangia sasa sipotezi kitu, pesa haitakatwa. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye Kickstarter, jukwaa la uchangishaji la Marekani. Hapa inaweza kumgharimu yeni 14,400, bei ya mashine moja.

Sentensi moja inayoamua kila kitu

Kampeni za Japani zina njia mbili za kukusanya. Ya kwanza ni `All-or-Nothing方式`: lengo lisipofikiwa, mchango unafutwa na mchangiaji hadaiwi. Ya pili ni `All-in方式`: lengo likifikiwa au lisifikiwe, mwenye mradi anachukua kilichopatikana na anaahidi kutimiza alichotangaza. Herufi mbili za mwisho, `方式`, maana yake ni "utaratibu". Hizo ndizo za kutafuta. Fungua ukurasa katika Kijapani chake, bila tafsiri, bonyeza Ctrl na F, kisha bandika `方式`. Kwenye ukurasa wetu inaibuka sentensi hii, mwishoni kabisa, chini ya picha zote:

```
このプロジェクトは、All-in方式で実施します。
目標金額に満たない場合も、計画を実行し、リターンをお届けします。
```

Nusu ya pili inasema: hata lengo lisipofikiwa, mpango utatekelezwa na zawadi zitapelekwa. Kwa mchangiaji inamaanisha kwamba asilimia 36 haimkingi na lolote.

Kutoka hapo hata namba ya lengo inabadilika maana. Kwenye utaratibu wa All-or-Nothing, mwenye mradi ana sababu ya kuweka lengo linalokaribia gharama halisi ya kutengeneza, kwa sababu likishindikana hapati kitu na halazimiki kutengeneza kitu. Kwenye All-in anaweza kuweka kiasi chochote. Ndiyo maana kuna kurasa za yeni 100,000 zinazojisifu kufikia asilimia 1,000. Kiasi hicho hakitoshi hata kulipia kalibu ya kumiminia plastiki, na asilimia inaonyesha tu kwamba lengo liliwekwa chini. Ukiwa kwenye All-in, acha asilimia na uulize: je, mashine za majaribio zipo tayari, na karakana imeshapatikana?

Pesa inatoka lini hasa

Kujua utaratibu ni nusu ya jibu, kwa sababu tarehe ya kukatwa inategemea pia njia ya kulipa. Neno la kutafuta ni `決済`, yaani kukamilisha malipo. Ukurasa wetu una mstari huu kwenye hatua ya malipo:

```
お支払い時期：お申し込みと同時に決済
```

Wakati wa kulipa: papo hapo unapoomba. Ingekuwa kampeni ya All-or-Nothing yenye malipo ya kadi, kwa kawaida ungekuta maneno yanayosema malipo yatakamilishwa baada ya kampeni kufanikiwa. Karibu nayo huonekana neno `与信`, ambalo ni benki kuthibitisha kwamba kadi inaweza kubeba kiasi hicho na kukishikilia kwa muda.

Hapo kwenye kushikilia ndipo watumiaji wengi wa kwetu wanapoumia. Mwenye kadi ya mkopo haoni chochote, kwani ni ukomo wake wa mkopo tu unaopungua. Mwenye kadi inayotoa moja kwa moja kwenye akaunti, au kadi ya mtandaoni iliyofungwa kwenye pesa za simu, salio lake linapungua siku hiyohiyo hata kama ukurasa unaapa kwamba "hujakatwa bado". Jukwaa linasema kweli, na mteja anasema kweli pia: pesa haijafika kwa muuzaji, lakini haitumiki. Zuio likiisha muda kabla ya kampeni kufungwa, pesa inarudi kwenye salio, mteja anaitumia, na siku ya kukatwa kwa kweli kadi inakataa.

Kickstarter, ambayo ilifunguliwa kwa wabunifu wa Japani mwaka 2017 na hivyo ina kurasa nyingi za Kijapani, inakata kampeni inapofungwa, na tu ikiwa lengo limefikiwa. Kadi ikikataa, mchangiaji anapewa siku saba za kurekebisha, kisha nafasi yake inapotea. Anaweza kujitoa wakati wowote kabla ya mwisho, isipokuwa saa 24 za mwisho iwapo kujitoa kwake kutaushusha mradi chini ya lengo. Tabia hiyo ya "nachangia kwanza, nitafikiri baadaye" usiihamishie kwenye ukurasa wetu wa All-in. Hapa kufikiri kunamalizika kabla ya kitufe. Na hata huko Kickstarter, anayechangia baada ya kampeni kufungwa, pale mwenye mradi aliporuhusu michango ya kuchelewa, anakatwa papo hapo.

Kuna sehemu moja ambayo sheria ya Japani inamsaidia msomaji mgeni sana. Tangu tarehe 1 Juni 2022, sheria iitwayo `特定商取引法`, inayosimamia biashara za aina maalumu ikiwemo ya kuuza kwa mbali, inamtaka mfanyabiashara aonyeshe kwenye skrini ya mwisho ya uthibitisho mambo haya: idadi, bei, lini na vipi unalipa, lini utaletewa, namna ya kujitoa, na muda wa maombi kama una kikomo. Skrini hiyo inaitwa `最終確認画面`. Kwa anayesoma kwa tafsiri, ukurasa mkuu ni msitu wa picha na sifa, lakini skrini hii ni fupi na ni maandishi. Fika hadi hapo, ipige picha, isome neno kwa neno, na ujue bado hujabonyeza cha mwisho. Aliyekubali kwa kuelewa vibaya kwa sababu skrini ilificha au kupotosha mambo hayo anaweza kuomba makubaliano yafutwe.

Ngazi za zawadi

Zawadi kwa Kijapani cha majukwaa haya ni `リターン`, neno la Kiingereza lililovalishwa herufi za Kijapani. Kitafsiri hulirudisha kwenye "kurudisha" au "marejesho". Matokeo yake ni sentensi kama "marejesho yatafika Oktoba", na mteja anaamini ameahidiwa pesa yake. Karibu nalo kuna maneno matatu yanayoanza na herufi moja, `返`, yenye wazo la kurudisha. `返金` ni kurudisha pesa. `返品` ni kurudisha bidhaa. `返礼品` ni zawadi ya shukrani, ambayo haihusu kurudisha chochote dukani. Ukiyaona, yatofautishe kwa herufi zenyewe, usiamini tafsiri. Kati ya yote, pesa yako iko kwenye `返金` peke yake.

Ukurasa wetu una ngazi nne:

```
3,000円  純粋応援（お礼のメール）
12,600円 超早割30%OFF 1台 限定50  残り0
14,400円 早割20%OFF 1台 限定200 残り37
27,000円 2台セット25%OFF
```

Ya kwanza ni mtego wa upole. `純粋応援` kitafsiri kitasema "msaada safi". Maana yake ni kuunga mkono bila kupata bidhaa, na kilichomo kwenye mabano ni barua pepe ya shukrani. Kwa yeni 3,000 kosa ni dogo, lakini kuna kampeni zinazoweka ngazi hiyohiyo kwa 10,000 au zaidi, katikati ya ngazi zenye bidhaa, na mtu anayepanga kwa bei anaichagua akidhani amepata nafuu. Tafuta neno la idadi: `1台` ni mashine moja, `2台` mbili. Ngazi isiyotaja idadi ya kitu wala jina la bidhaa, ichukulie kuwa haina bidhaa.

Ya pili imekwisha, `残り0`. Ya tatu ndiyo inayomfaa mnunuzi wetu: mashine moja kwa punguzo la asilimia 20 kutoka bei ya baadaye ya 18,000. Ya nne inashusha mashine moja hadi 13,500, lakini ni kwa anayehitaji mbili.

Baada ya kuchagua ngazi, kabla ya malipo, hutokea kisanduku kingine: `上乗せ支援（任意）`. Ni mahali pa kuongeza pesa juu ya bei kwa hiari, na neno la mwisho, `任意`, ndilo linalosema hiari. Watu huandika hapo nauli ya mzigo, au huandika idadi ya mashine. Kilichoandikwa hapo ni mchango wa bure. Kiache wazi, isipokuwa maelezo ya ngazi yenyewe yanakuelekeza uongeze nauli ya nje ya nchi kwa njia hiyo.

Nauli inasomwa kwenye herufi za mwisho: `送料込み` imo ndani ya bei, `送料別` inalipwa pembeni. Ukurasa wetu una ya kwanza, pamoja na `日本国内のみ`, yaani ndani ya Japani tu. Mnunuzi wa Moshi hana budi kuandika anwani ya Nagoya tangu mwanzo. Nauli ya kutoka Nagoya hadi Kilimanjaro na ushuru wa forodha ni juu yake, na vinaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Afadhali ndugu aje nayo kwenye begi.

Tarehe nayo inataka utulivu. Ukurasa unasema:

```
2025年10月下旬より順次発送予定
```

Kitafsiri kitatoa "itatumwa mwisho wa Oktoba 2025". Kilichoandikwa ni kwamba kuanzia siku kumi za mwisho za Oktoba (`下旬`) wanapanga (`予定`) kuanza kutuma kwa zamu (`順次`). Hiyo ni tarehe ya kuanza kutuma, na mzigo wako unaweza kuwa wa mwisho kwenye foleni. Mahali pengine utaona `お届け予定`, mpango wa kufika, badala ya `発送予定`, mpango wa kutuma. Ukurasa wenye maneno yote mawili sehemu tofauti, chukua tarehe ya mbali zaidi.

Masharti ya kurudishiwa pesa

Ukibandika `返金` kwenye kisanduku cha kutafutia, mistari miwili inajitokeza:

```
支援者都合によるキャンセル・返金はできません。
お届けが予定月より6ヶ月以上遅れた場合、希望者には
返金手数料500円を差し引いて返金いたします。
```

Wa kwanza unafunga mlango kwa aliyebadili mawazo: `都合` ni hali au sababu za upande wako, na hapo hupati kitu. Wengi hudhani kuna siku kadhaa za kujitoa kisheria. Japani haina haki hiyo kwa ununuzi wa mbali. Iliyopo ni kwamba muuzaji asipoonyesha masharti yake ya kurudisha bidhaa, mnunuzi anaweza kurudisha ndani ya siku nane tangu apokee, kwa nauli yake mwenyewe. Ukurasa wetu umeonyesha masharti, basi ndiyo yanayotawala. Bidhaa iliyofika mbovu ni jambo lingine. Neno lake ni `初期不良`, na kwa kawaida hubadilishwa (`交換`) ikiwa umetoa taarifa ndani ya siku zilizotajwa. Mnunuzi aliye Moshi anapaswa kumwambia ndugu wa Nagoya afungue boksi na kuzungusha mpini siku ileile, badala ya kuliweka kabatini hadi safari ya Desemba.

Mstari wa pili una mambo manne. Kipimo ni mwezi uliopangwa, Oktoba 2025, na miezi sita kutoka hapo inaishia mwisho wa Aprili 2026. Ni kwa anayeomba tu (`希望者`), kwa hiyo usiyeandika hulipwi. Kuna makato ya yeni 500, hivyo zinarudi 13,900. La nne halikuandikwa: benki itabadilisha yeni kuwa shilingi kwa bei ya siku ya kurudisha, na gharama ya kubadilisha uliyotozwa mwanzoni kwa kawaida hairudi.

Sasa weka kalenda mezani, kwa sababu hapa kuna pengo ambalo wachangiaji wachache huliona. Kwa kanuni za Visa, mwenye kadi asiyepokea bidhaa kwa kawaida ana siku 120 za kupinga malipo kupitia benki yake, zikihesabiwa tangu siku ya mwisho aliyotarajia kuipata. Chukua tarehe 31 Oktoba 2025 kuwa siku hiyo: siku 120 zinaisha tarehe 28 Februari 2026. Sharti la ukurasa linaanza kufanya kazi mwisho wa Aprili. Anayesubiri kwa uungwana mpaka miezi sita itimie anafika wakati mlango wa benki umeshafungwa kwa miezi miwili, na akikuta karakana haijibu, hana wa kumwendea.

Kwa hiyo tarehe ya kukumbuka ni ya katikati. Mwanzoni mwa Februari 2026, kama mashine haijafika Nagoya, fungua sehemu ya taarifa za mradi, `活動報告`, na uangalie ya mwisho ni ya lini. Ikiwa kuna picha mpya za mashine zinazotengenezwa na tarehe mpya, ihifadhi taarifa hiyo. Benki inaweza kuhesabu siku zake kutoka kwenye tarehe mpya iliyoahidiwa, lakini waulize kwanza na upate jibu kwa maandishi. Ikiwa kimya kimezidi miezi miwili, peleka pingamizi benki kabla ya tarehe 28, ukiwa na picha ya skrini ya uthibitisho, mstari wa `発送予定`, na barua ulizoandika bila kujibiwa. Benki inaweza kukataa kwa hoja kwamba mchango si ununuzi. Picha inayoonyesha `1台`, bei na mwezi wa kutuma ndiyo inayojibu hoja hiyo, na ndiyo sababu ya kuipiga siku ya kwanza.

Kadi yenyewe pia itunze. Aliyelipa kwa kadi ya mtandaoni kisha akaifuta anaweza kusubiri marejesho yanayogonga kadi isiyokuwepo na kuanza kuzunguka kati ya benki na jukwaa. Iache hai mpaka mashine ifike. Aliyemtuma ndugu alipe dukani kwa `コンビニ払い`, yaani taslimu kwenye duka la mtaani, ajue kwamba marejesho hayawezi kurudi dukani. Wataomba akaunti ya benki ya Japani, na itakuwa ya ndugu.

Mnunuzi wetu akiamua kuendelea, basi anachukua ngazi ya 14,400, anaacha kisanduku cha nyongeza wazi, anaandika anwani ya Nagoya, na analipa akijua pesa inatoka leo, huku asilimia 36 hapo juu ikibaki kuwa jambo la karakana. Mei mosi 2026 ikifika bila mashine, na taarifa za mradi zikiwa bado zinaendelea kutoka, ujumbe wa kutuma kupitia kitufe cha mawasiliano kwenye ukurasa ni huu:

```
お届けが予定月より6ヶ月以上遅れているため、返金を希望します。
支援日：2025年6月21日
リターン：早割20%OFF 1台（14,400円）
```

Mstari wa kwanza unarudia maneno ya sharti lao wenyewe, na `希望します` ndilo neno linalokugeuza kuwa `希望者`. Ongeza namba ya mchango iliyo kwenye barua pepe ya uthibitisho, tuma nakala kwa jukwaa, na upige picha ya skrini ikionyesha tarehe.